Barua Yetu kwa Mwenye Nyumba

Kipande cha zege kilianguka siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimepita chini yake kwa hatua nne tu. Nilikuwa nimetoka kazini, mtaa wa Gerezani, mara moja kumpelekea mama dawa zake za presha. Nilisikia kishindo nyuma yangu, vumbi likanifika miguuni, na nilipogeuka niliona kipande kikubwa kama sinia la pilau kimevunjika mara tatu kwenye kona ya ngazi. Juu, pale kilipobanduka, nondo zilikuwa nje, nyekundu kwa kutu, zimevimba.

Sikupiga kelele. Niliendelea kupanda mpaka ghorofa ya tatu, nikampa mama dawa na maji, nikamwambia kishindo alichosikia ni mzigo ulioangushwa na makuli wa maduka ya chini. Kisha nilikaa ukingoni mwa kitanda changu na nikagundua kuwa siwezi kushuka. Niliwapigia simu kazini nikasema mama ameamka vibaya. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku hiyo.

Jengo letu lilikuwa Mchafukoge, la ghorofa nne, chini fremu za maduka, juu familia kumi na mbili. Mimi na mama tulihamia hapo kutoka Lindi nikiwa bado msichana, sekretari anayezoea mashine ya kuchapa, na nilikuwa nimeshazeeka kidogo ndani ya vyumba vile viwili vya nyuma. Siku hizo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na wauza vipuri. Kwa kuwa nilijua kuandika barua za ofisi, wapangaji wenzangu walinifanya katibu wa umoja wetu. Ulikuwa umoja wa kuzikana, kuchangia anayelazwa hospitali, na kupanga zamu za kufagia ngazi. Hakuna aliyewahi kufikiria kuwa siku moja utamwandikia mwenye nyumba.

Tulimwarifu msimamizi kuhusu ngazi siku ileile. Msimamizi alikuwa mpwa wa mwenye nyumba, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, msafi, mwenye ofisi ndogo mtaa wa pili. Alijibu kwa neno moja kwenye simu: nimepokea. Hakuja. Wiki mbili baadaye alituma ujumbe mwingine kwenye kundi la wapangaji. Kodi inapanda kwa nusu nzima ya ile tuliyokuwa tukilipa. Anayehuisha mkataba atalipa mwaka mzima badala ya miezi sita, na ambao mikataba yao bado inaendelea wataongeza tofauti kuanzia mwezi unaofuata. Asiyeweza aseme mapema, wapo wanaosubiri.

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki saba.

Jumapili baada ya alasiri tulikutana juu ya paa, tunakoanika nguo. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mstaafu wa karakana ya reli, mtu wa Songea, mjane, anakaa peke yake ghorofa ya pili. Alikuwa mpole kiasi kwamba ilibidi usogee ili umsikie. Watu walikuwa na hasira, na kila mmoja alikuwa na lake: maji machafu yanayorudi bafuni, swichi inayotoa cheche, dari inayovuja juu ya kitanda cha mtoto. Mfanyabiashara mmoja wa ghorofa ya kwanza, mwenye meza kubwa ya mitumba Mchikichini, alisema tusilipe kitu chochote, sote, tuone watafanya nini. Wengi walipiga makofi.

Mzee alisubiri makofi yaishe. Alikuwa amekuja na mkataba wake ndani ya bahasha ya kaki. Alitusomea mahali palipoandikwa kuwa taa, vitasa na mabomba ya ndani ni juu ya mpangaji, ila paa, kuta, ngazi na mifereji ya maji machafu ni juu ya mwenye nyumba. Akatusomea na pale panaposema kodi ni ileile mpaka mkataba uishe. Tukigoma kulipa, alisema, sisi ndio tutakuwa tumevunja mkataba, na watatutoa kihalali. Tuandike barua. Tena tusiandike kulalamika, tuombe kikao: yeye, sisi na serikali ya mtaa, kwenye meza moja.

"Barua mtu huiweka," alisema. "Kikao lazima akae."

Kisha wote wakanitazama mimi.

Niliandika rasimu ya kwanza usiku uleule, kwa hasira, na nikaipeleka kwa mzee asubuhi yake. Aliisoma akiwa na kalamu ya risasi. Alifuta neno tunadai kila lilipo akaweka tunaomba. Alifuta uzembe. Sentensi niliyojivunia, ile iliyosema tumechoka kuishi kama wanyama, aliipiga mstari mmoja mrefu bila kusema kitu. Nilimuuliza sasa barua imebaki na nini. Akasema imebaki na ngazi, nguzo, maji machafu na umeme, na hivyo vinatosha. Akanielekeza tuorodheshe kila hitilafu, mahali ilipo na lini ilitolewa taarifa. Kuhusu kodi tuseme hatukatai kuzungumzia ongezeko, ila tunaomba lijadiliwe pamoja na matengenezo, na lisiwaguse wenye mikataba inayoendelea. Tupendekeze siku tatu ili achague. Tupendekeze na mahali, ofisi ya serikali ya mtaa, ambako hapana mwenyeji wala mgeni.

Niliichapa Jumatatu mchana, wakati bosi wangu ameenda kula. Kichwa chake kilikuwa hivi: YAH: OMBI LA KIKAO CHA PAMOJA KUHUSU KODI NA MATENGENEZO YA JENGO. Chini yake, husika na kichwa cha habari hapo juu, kama nilivyofundishwa ujanani. Ilikuwa kurasa mbili na orodha ya viambatisho. Nimechapa barua za watu maisha yangu yote, za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kuomba radhi kwa wakwe. Ile ndiyo ya kwanza kunitoa jasho viganjani, kwa sababu mwishoni kulikuwa na mistari miwili ya nukta. Mmoja wa mwenyekiti. Mwingine uliandikwa Katibu.

Tuliambatisha karatasi ya majina ya wapangaji wote. Familia kumi na mbili. Waliosaini walikuwa tisa. Yule wa mitumba alisaini wa kwanza, kwa sahihi kubwa iliyotoka nje ya mstari. Mimi nilisaini wa mwisho. Mama alikuwa ananiangalia.

"Wewe unaandika jina lako hapo," alisema, "na sisi tutakwenda wapi?"

Nilimwambia ni ombi tu, mama, ombi halimfukuzi mtu. Alikuwa amevuka miaka themanini, magoti yamekwisha, na kwa miaka minne alikuwa hajashuka chini ila kwa hospitali, akibebwa kwenye kiti na wanaume wawili.

Tulipeleka barua Jumatano, mimi na mzee. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye sisi wote tulimwita Hajati, hakuwa akionekana tena jengoni. Kila kitu kilipita kwa mpwa wake. Tulibeba nakala tatu: moja yake, moja ya serikali ya mtaa, na moja ya kwetu, ambayo mpokeaji anatakiwa aandike imepokelewa, tarehe na sahihi. Mzee alisisitiza hiyo ya tatu kuliko zote. Bila hiyo, alisema, hatujaandika barua, tumeota.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. Alisoma ukurasa wa kwanza haraka, wa pili polepole, kisha akaiweka mezani na kuuliza nani ameandika. Mzee akasema umoja wa wapangaji.

"Umoja hauna vidole," alisema. "Nani kachapa?"

Nilisema ni mimi. Miaka yote yule kijana alikuwa ananiamkia shikamoo mama, tena kwa kuinama kidogo. Siku ile alinitazama usoni kama mtu anayekariri namba ya gari. Akakataa kusaini nakala yetu. Alisema yeye si tarishi wetu. Mzee akamwambia, kwa sauti yake ileile ya chini, kuwa hakuna taabu, nakala moja inakwenda serikali ya mtaa, na hii ya Hajati tutaituma kwa rejista ya posta mpaka mkononi mwake. Msimamizi alifikiri. Kisha akatoa simu, akapiga picha kila ukurasa, na akaitazama karatasi ya majina kwa muda mrefu kabla ya kuipiga nayo. Hakusaini.

Kwa mtendaji wa mtaa mambo yalikuwa mepesi. Mhuri ulipigwa, tarehe ikaandikwa, tukarudishiwa nakala yetu. Tukaenda posta tukatuma ya Hajati kwa rejista, tukapewa risiti. Njiani kurudi mzee aliikunja risiti ile akaiweka ndani ya kofia yake. Mimi nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kwenye mkataba.

Kabla wiki haijaisha, hofu iliingia jengoni. Kwanza mlango wa paa ukafungwa kwa kufuli jipya, na hatukuwa tena na mahali pa kuanika wala pa kukutania. Kisha pampu ya maji ikawa haiwashwi. Msimamizi alisema imeharibika, fundi anatafutwa, na tukaanza kupandisha ndoo kwa ngazi zilezile zilizokuwa zinatumwagia mchanga kichwani. Nilipokutana naye mlangoni hakuniamkia. Alisema mambo vipi, kama unavyomsalimia muuza vocha.

Jumanne iliyofuata mpangaji mmoja alikuja kuniomba nimfute jina. Jioni alikuja wa pili. Wa tatu alikuwa yule wa mitumba. Hakuja mwenyewe, alimtuma mkewe, ambaye alisimama kizingitini akiangalia sakafu. Mumewe, alisema, ameambiwa mkataba wake utahuishwa bila nyongeza kama hana ubaya na mtu. Nilichukua kalamu nikachora mstari juu ya ile sahihi kubwa kwenye nakala yetu. Mkewe akasema nisamehe dada, akashuka.

Tukabaki sita. Nikaanza kusikia watu wakinyamaza ninapopita kwenye ngazi, au pengine walikuwa wananyamaza siku zote na mimi ndiye nilianza kusikiliza.

Ijumaa nilirudi mapema. Mlango wa kwetu ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa baibui na viatu, na kando yake kulikuwa na sanduku letu la bati ambalo sijui alilivutaje kutoka chini ya kitanda. Ndani alikuwa ameweka kanga zake, picha ya baba, dawa zote na sufuria moja. Nilimuuliza kumetokea nini. Alisema amekuja dalali na watu wawili, mke na mume, wamesema wameruhusiwa kuangalia nyumba. Walimsalimia vizuri. Walifungua bafu, wakapima dirisha la chumba changu kwa ajili ya pazia. Yule mwanamke alimuuliza tunahama lini.

"Nikamwambia leo," mama alisema. "Sikutaka kuwaudhi."

Nilimvua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukaa navyo tangu saa nne asubuhi. Nilipoinama pale chini nilijua kuwa nitafanya jambo la aibu, na kesho yake nikalifanya. Kazini, bosi alipoenda kula, nilichapa barua ya pili. Ilikuwa ya aya moja. Ilisema mimi, mpangaji wa ghorofa ya tatu, ninajitoa kwenye barua ya umoja, kwamba niliiandika kwa kushawishiwa, na kwamba ninaomba radhi na kuhuishiwa mkataba wangu. Neno la kushawishiwa nililiandika, nikalifuta, nikalirudisha. Niliichapa kwenye karatasi nzuri, nikaisaini, nikaitia kwenye mkoba.

Nilipitia kwa mzee kwanza. Sikuwa nikitaka ruhusa yake, ila nisingeweza kukutana naye kwenye ngazi baada ya hapo. Nilimwambia mlangoni, nikiwa nimeshikilia mkoba kifuani. Alisikiliza. Hakunilaumu, na hilo lilinikera. Alisema anaelewa, nina mama, na yeye hana wa kumwogopea. Kisha akasema kuna kitu angependa nikione kabla sijakwenda, na akachukua tochi.

Chini, nyuma ya fremu, kuna ujia wa giza unaopita mita za umeme. Nguzo inayobeba upande wa ngazi na vyumba vya nyuma inashukia hapo. Ilikuwa na ufa mwembamba unaopanda kwa mshazari, na juu ya ufa, kimo cha kifua, palikuwa na vipande viwili vya kioo, vyembamba kama rula, vimegandishwa kwa saruji pande zote mbili za ufa. Mzee alisema alivibandika mwenyewe siku ile zege lilipoanguka. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwenye majengo ya karakana. Kioo hakinyumbuki. Nguzo ikiwa imetulia, kioo kinakaa. Ikisogea hata kidogo, kinavunjika.

Akamulika. Cha juu kilikuwa kizima. Cha chini kilikuwa kimekatika katikati, mkato safi.

"Jana kilikuwa kizima," alisema. "Nimekaa tangu asubuhi nafikiria nikwambie wewe au nisikwambie."

Alizima tochi, akaiwasha, akamulika tena palepale, kana kwamba kioo kingekuwa kimeungana. Nilikuwa nimemdhania mtu asiyeogopa. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema kuhusu vile vioo. Alisema familia kumi na mbili zikikimbia kwa pamoja kwenye ngazi ile, watu wote wale, ngazi ndiyo itakayowaua. Kila mtu Kariakoo anajua jengo likianguka linafanya nini, hana haja ya kusimuliwa. Nilikuwa nafikiria mama, juu yetu moja kwa moja, na viatu vyake kando ya kiti.

Ile barua ya kujitoa sikuipeleka. Nisingependa mtu aseme ni ushujaa. Nilikuwa na hofu mbili, na ile kubwa iliimeza ile ndogo. Tulikwenda saa ileile nyumbani kwa mtendaji wa mtaa, maana ilikuwa Jumamosi na ofisi imefungwa. Alikuwa anaosha gari. Mzee alimweleza habari ya kioo kwa utaratibu kama anayemfundisha mwanafunzi. Mtendaji alifunga bomba la maji. Alituuliza kama mwenye nyumba amejibu barua, tukasema hapana. Alisema barua yetu anayo, ina mhuri wake, na siku ya kwanza kati ya zile tatu tulizopendekeza imeshapita. Akampigia Hajati palepale. Sikusikia maneno ya upande wa pili, ila nilimsikia yeye akisema hapana mama, hawajakataa kulipa, barua ninayo hapa, wameomba kukaa na wewe. Akarudia: kukaa na wewe. Kikao kikawekwa Jumatano, siku ya pili kati ya zetu. Na alisema Jumatatu ataandika manispaa kuomba mhandisi, bila kusubiri kikao.

Siku nne zile nililala na mama chumba kimoja, godoro karibu na mlango, kana kwamba mlango ungetusaidia. Nilimwomba twende kwa ndugu zetu Temeke mpaka Jumatano. Alikataa. Alisema tukitoka tu, watabadilisha kitasa. Kwa hilo hakuwa amekosea. Mchana kazini nilikuwa namwachia simu mkononi, nampigia kila saa. Akichelewa kupokea nilikuwa nasimama.

Jumatano tulikuwa wapangaji saba ofisini kwa mtendaji. Wa saba alikuwa mke wa yule wa mitumba, amekuja peke yake na kukaa nyuma. Hajati aliingia akishikwa mkono na mpwa wake. Nilikuwa nikimkumbuka akiwa mkubwa wa mwili. Alikuwa mdogo, amepungua ndani ya mtandio wake, na tulipomwamkia wote kwa pamoja alijibu marahaba kwa kila mmoja kwa zamu, mpaka kwa mtendaji. Kisha akafungua pochi akatoa bahasha ya rejista. Barua yetu ilikuwa ndani, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi.

Msimamizi alianza kuzungumza. Alisema gharama zimepanda, wapangaji wanachochewa, jengo ni mali ya familia na familia ina mipango yake. Mtendaji akamuuliza mipango gani. Ni Hajati aliyejibu. Watoto wake, alisema, wamepata mtu anayetaka kiwanja. Hataki jengo, anataka kiwanja, abomoe ajenge maduka. Wamemwambia hakuna maana ya kutia pesa kwenye jengo linalobomolewa, na kwamba wapangaji wataondoka wenyewe taratibu kodi ikipanda. Alisema hayo akiwa ameangalia barua.

Niliona mpwa wake akifumba macho.

Mzee alisimama. Hakugusia kiwanja. Alifungua leso akaweka mezani vipande vya kile kioo, maana cha juu nacho kilikuwa kimekatika usiku wa kuamkia Jumanne, na akaeleza. Alipomaliza Hajati alinyoosha kidole akagusa ncha ya kioo, kisha akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi, nani anakaa juu ya nguzo hiyo.

"Mimi na mama yangu," nilisema. "Ana miaka themanini na mbili. Hawezi kushuka."

"Mimi nina themanini," alisema.

Baada ya hapo kikao kilikuwa kazi ya kawaida, na mimi niliandika muhtasari. Nyongeza isimamishwe mpaka matengenezo ya ngazi na nguzo yakamilike, na wenye mikataba inayoendelea wasiguswe kabisa. Pampu iwashwe siku ileile, mlango wa paa ufunguliwe. Dalali asilete mtu kwenye nyumba yenye mpangaji. Mikataba inayokwisha katika muda huo iendelee mwezi kwa mwezi kwa kodi ya zamani. Kama familia itauza, wapangaji wapewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Kila upande ulisaini, na mtendaji akapiga mhuri. Msimamizi alisaini bila kuinua uso.

Mhandisi wa manispaa alikuja siku ya pili yake. Alikaa kwenye ule ujia kwa muda mrefu, akagonga nguzo kwa nyundo ndogo, akapanda mpaka kwetu, akasimama katikati ya chumba cha mama na kumwomba asogee mbali na ukuta. Alipotoka aliandika karatasi ya kurasa mbili. Nguzo itegemezwe kwa mirunda ya miti leo hii. Na familia nne za vyumba vya nyuma zitoke jioni ileile, mpaka atakaporuhusu.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Kila nilichofanya, kila mstari niliouchapa, nilikuwa nimekifanya ili tusitolewe. Sasa nilikuwa natolewa na barua yangu mwenyewe, kihalali, kwa mhuri.

Mama alibebwa kwenye kiti. Yule wa mitumba ndiye aliyeshika mguu wa kiti wa mbele, upande wa kushoto, bila kuombwa. Kwenye kona ya ngazi walishuka hatua kwa hatua, na mchanga ulikuwa unadondoka kwenye mtandio wa mama. Mimi nilikuwa nyuma na sanduku la bati. Tulipofika barabarani yule bwana alifuta jasho, akasema amepata chumba kizuri Mchikichini, cha chini, cha shangazi yake, kama hatutajali. Sikuwa na nguvu ya kukumbuka sahihi yake. Nikasema asante kaka.

Matengenezo yalichukua miezi minane. Watoto wa Hajati hawakuuza, angalau mpaka leo ninapoandika. Mzee ananiambia mwenye kutaka kiwanja alipoona karatasi ya mhandisi alishusha bei yake, na familia ikagombana. Nguzo ilivalishwa zege jipya, ngazi zikapigwa upya, nyaya zikabadilishwa. Kisha kikao cha pili kikafanyika, safari hii kwa kuitwa na Hajati mwenyewe, na kodi ikapanda, kidogo kuliko ile nusu. Familia mbili hazikuweza, zikaondoka. Sijui nizihesabu upande gani wa barua yetu.

Sisi tungeweza kurudi. Mzee alinishikia nafasi, na chumba kilipakwa rangi. Lakini mama alikuwa ameshazoea Mchikichini. Asubuhi anajikokota mwenyewe mpaka mlangoni, anakaa kwenye kigoda, anasalimiana na kila anayepita na furushi la nguo. Anawajua watoto wa mtaa mzima kwa sauti. Nilipomuuliza kama turudi alinitazama kama nimemtukana.

Kwa hiyo mimi si mpangaji tena wa jengo lile, wala si katibu. Mwezi uliopita mzee alileta barua kazini kwangu nimchapie, ya kumkumbusha Hajati kuhusu tangi la maji, na nilimchapia bila jasho, kwa kuwa jina la chini si langu. Ila hapa tulipo mkataba ni wa miezi sita, na mwenye nyumba, shangazi wa yule wa mitumba, ni mwanamke mwema ambaye huniletea futari. Wiki iliyopita alinipigia simu akasema ana neno la kuniambia, atapita Jumapili. Sijui ni neno gani. Nimefagia uwanja, nimenunua sukari, na mkataba nimeutoa kwenye sanduku la bati nikausoma mara tatu.